Damu katikati ya mwezi: kabla hujakubali kusafishwa kizazi

*Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Masasi, nina watoto wawili na natamani wa tatu. Huu mwezi wa tano sasa, hedhi ikiisha, kama wiki moja baadaye natokwa na damu kidogo kidogo siku nne au tano, na mara nyingine baada ya tendo la ndoa. Nimepewa antibayotiki mara mbili, halafu vidonge vya kukata damu. Vilikata, ikarudi. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 3 Machi, tarehe 24 nikapigwa ultrasaundi. Wameandika utando wa kizazi ni milimita 14, huenda kuna kinyama, nikasafishwe. Sindano za uzazi wa mpango niliacha mwaka juzi. Nikubali?*

Marahaba, dada. Kwa sasa usikubali. Kusafishwa kunaweza kuja kuwa na nafasi yake, lakini kwako kuna hatua mbili zilizorukwa, na mojawapo ni ya dakika tano tu, haihitaji mashine. Hujataja popote kwamba kuna mtu aliyekulaza kitandani, akaingiza spekulamu, kile kifaa cha kufungua uke, na kuutazama mlango wa kizazi kwa macho yake. Na ultrasaundi yako ilipigwa siku ambayo kipimo hicho hakiwezi kusema mengi. Nianze na hiyo ultrasaundi, maana ndiyo iliyokutia hofu.

Siku damu ya hedhi inapoanza kutoka ndiyo siku ya 1. Ukihesabu kutoka tarehe 3 Machi, tarehe 24 inakuwa siku ya 22. Siku hiyo utando wa ndani wa kizazi unakuwa umejaa, kwa sababu mwili umekwisha kuuandaa kwa ajili ya mimba. Kwa mwanamke mwenye afya utando huo hufika kati ya milimita 7 na 16 katika nusu ya pili ya mzunguko. Kwa hiyo 14 kwa siku ya 22 ni kipimo cha kawaida kabisa. Ingekuwa 14 siku ya 6, hapo ningeshtuka pamoja na wewe.

Tatizo la pili la siku hiyo ni kwamba kinyama chenyewe, yaani polipu, kwenye ultrasaundi huonekana cheupe, na utando uliojaa nao huonekana mweupe. Kilicho cheupe ndani ya cheupe hakionekani. Kinyume chake pia hutokea: mkunjo wa kawaida wa utando uliojaa ukadhaniwa ni polipu, mtu akapelekwa kukwanguliwa bure. Neno “huenda” kwenye karatasi yako limetokana na hapo. Aliyekupima hakukosea kuliandika. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuuliza hedhi ilianza lini kabla ya kukupangia siku.

Rudia kipimo mara tu hedhi inayofuata inapokauka, kati ya siku ya 5 na ya 10. Utando wakati huo ni mwembamba, na polipu ikiwepo hujitokeza yenyewe, ikiwa na kingo zinazoeleweka. Mashine yenye rangi za mtiririko wa damu mara nyingi huonyesha mshipa mmoja unaoingia kwenye shina lake, na hiyo ni dalili nzuri ya kuitambua. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, hedhi itaanza karibu tarehe 31 Machi, na dirisha lako ni kuanzia tarehe 4 hadi 9 Aprili. Hesabu kutoka siku damu kamili ilipoanza, ile ya kubadilisha pedi, usihesabu kutoka kwenye matone. Kama siku ya 5 bado unatoka kidogo, subiri hadi ya 7 au ya 8.

Halafu omba ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ukiambiwa unywe maji hadi kibofu kijae, ujue unapimwa kwa juu ya tumbo. Hiyo ni nzuri kwa mimba na kwa fibroidi kubwa, lakini polipu ya sentimita moja inaweza kuipita. Kwa kipimo cha ukeni unakojoa kwanza, kifaa chembamba kinavalishwa kondomu na kupakwa jeli, kinaingizwa taratibu. Hakiumi zaidi ya spekulamu.

Sasa spekulamu yenyewe. Ulichosema kuhusu damu baada ya tendo la ndoa kinaelekeza kwenye mlango wa kizazi kuliko ndani. Polipu za mlango huota kwenye mfereji wake na kuning’inia kupitia tundu la mlango, zikiwa na rangi nyekundu iliyoiva, laini, nyingi zikiwa kati ya milimita chache na sentimita 3. Ngozi yake ya juu ni nyembamba na chini yake kumejaa mishipa midogo, ndiyo maana ikiguswa tu inatoa damu. Ultrasaundi inaweza isiione kabisa, wakati jicho linaiona papo hapo. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi hutumia fedha kwenye ultrasaundi mbili au tatu kabla ya mtu yeyote kuwasha taa na kutazama.

Ile ya ndani ya kizazi ni ndugu yake lakini hutoa damu kwa sababu tofauti kidogo. Nayo imetokana na utando uleule wa kizazi uliokua kupita kiasi sehemu moja, ukijizungushia mishipa yenye kuta nene. Haiitikii homoni sawasawa na utando ulioizunguka, na hasa haiitikii vizuri projesteroni. Wenzake wanapokaa imara hadi mwisho wa mwezi, yenyewe ncha yake inajaa damu, inachubuka na kuvuja. Hapo ndipo utaelewa kwa nini vidonge vilikata damu kisha ikarudi. Vidonge vya kukata damu vya aina ya projesteroni huushikilia utando usibanduke kwa muda unaovimeza. Kinyama hakiyeyuki. Ukiacha dawa, mambo yanarudi pale pale. Antibayotiki nazo hutibu maambukizi ya mlango wa kizazi, ambayo kweli yanaweza kuleta damu baada ya tendo, lakini hazipunguzi polipu hata kidogo. Kama umekunywa dozi mbili kamili na damu haijabadilika, dozi ya tatu bila kutazamwa haina sababu.

Nina ombi moja dogo hapa. Kama kuna mtu amekushauri kuweka ukeni mizizi, shabu au kitu kingine cha “kukausha”, usiweke. Huunguza ngozi ya mlango, na siku ya kutazamwa daktari atakuta kidonda asichojua kimetokana na nini.

Kabla ya yote hayo, pima mimba kwa mkojo, siku hiyohiyo ya uchunguzi. Una miaka 38, hutumii kinga, na damu ya katikati ya mwezi wakati mwingine ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kama damu inakuja na maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega, hiyo si ya kusubiri tarehe 4 Aprili. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Sindano uliyoacha mwaka juzi haielekei kuwa sababu ya damu hii tena. Kwa wanaoitumia sasa, au wenye kipandikizi, matone yasiyo na mpangilio ni ya kawaida, nao waanze kwa kuuliza hilo kabla ya kutafuta polipu.

Tuseme umelala, taa imewashwa, na nesi au daktari anaona kitu chekundu kwenye mlango wa kizazi. Si kila chekundu kinachoning’inia ni polipu, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Vitu vitatu hufanana nayo.

Cha kwanza ni fibroidi ya ndani iliyosukumwa na kizazi hadi ikachungulia kwenye mlango. Hii ni ngumu zaidi, rangi yake imepauka, mara nyingi ni kubwa, na shina lake ni nene na linatokea juu ndani ya kizazi. Mtu akiikamata na kuizungusha akidhani ni polipu, shina linaweza kukatika mahali asipopaona wala kupafikia, na damu ikamwagika vibaya. Kanuni ya kazi ni rahisi: kama huoni shina linaanzia wapi, usizungushe.

Cha pili ni saratani ya mlango wa kizazi. Yenyewe haining’inii kwa shina safi. Ina kidonda, inamomonyoka ikiguswa, ni ngumu kwenye kingo, mara nyingi ina harufu. Hiyo hainyofolewi yote, inakatwa kipande kidogo cha kupimwa na mgonjwa anapewa rufaa. Kwa kuwa saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine nchini Tanzania, uliza kwenye ziara hiyohiyo ufanyiwe kipimo cha siki, kile cha kupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki hafifu na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Hutolewa kwenye vituo vingi vya serikali, na kwa umri wako ulipaswa kukifanya hata kama usingekuwa na damu. Kama majibu yako ya VVU huyajui, jua sasa, kwa sababu yanabadilisha ni mara ngapi unapaswa kurudia kipimo hicho.

Cha tatu ndicho husahaulika, na kwetu huku Kusini hakipaswi kusahaulika: kichocho. Kichocho cha mkojo kipo Lindi na Mtwara, na mayai yake hayabaki kwenye kibofu tu. Huingia pia kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaleta madoa ya manjano kama chembe za mchanga, vinyama vigumu vidogo, na damu baada ya tendo. Kwa macho ya mtu asiyekijua kinaweza kuitwa polipu au hata saratani. Kwa hiyo kama umekulia kwenye majaruba ya mpunga, ulichota maji bwawani au ulivuka mito kwa miguu, mweleze anayekuchunguza. Mkojo unaweza kupimwa ukakosa mayai wakati tishu imejaa mayai, kwa hiyo jibu safi la mkojo halifuti wazo hilo. Tiba ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anapata miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, vinavyomezwa baada ya kula. Dawa huua minyoo. Makovu yaliyokwisha kutokea hayatoki haraka, mengine hayatoki, kwa hiyo damu inaweza kuendelea kwa muda na mtu akahitaji kuangaliwa tena.

Ikiwa ni polipu ya kweli ya mlango, yenye shina jembamba linaloonekana, kuitoa ni kazi ndogo. Hufanywa hedhi ikishakauka, kipimo cha mimba kikiwa hakina mimba. Mlango unapanguswa kwa dawa. Koleo yenye pete mwishoni inashika kinyama karibu kabisa na mzizi, kisha inazungushwa upande mmoja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka shina linajikaza na kukatika lenyewe. Haivutwi. Kuvuta huacha mzizi nyuma na kuongeza damu, wakati kuzungusha huziba mishipa ya shina. Kwa wengi hakuna sindano ya ganzi inayohitajika. Utasikia mkazo kama wa siku ya kwanza ya hedhi kwa dakika chache. Baada ya hapo mzizi unabanwa kwa gozi, na kama bado unavuja unaguswa kwa kijiti cha nitrati ya fedha, au kwa mashine ya kuunguza. Shina nene hufungwa kwa uzi kwanza. Unakwenda nyumbani siku hiyohiyo, na matone ya siku chache hayakutishi.

Sasa uone kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote: kinyama kikishatoka, kinaonyeshwa kwa mgonjwa kwenye gozi, kisha kinatupwa kwenye ndoo. Karibu polipu zote za mlango si saratani, hilo ni kweli, lakini jicho haliwezi kukuthibitishia. Kinyama kiende maabara ya tishu, na namna kinavyohifadhiwa ndani ya saa ya kwanza ndiyo inayoamua kama kutakuwa na jibu. Chupa iwe na kifuniko kinachobana na mdomo mpana. Ndani iwe formalini ya asilimia 10, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kwa kinyama cha sentimita 2 chupa ya mililita 50 inatosha vizuri. Maji ya chumvi hayahifadhi tishu. Gozi kavu ndiyo mbaya zaidi, hasa kwa joto la pwani yetu, kwa sababu tishu huanza kuharibika ndani ya saa chache na mtaalamu wa maabara anapokea kitu asichoweza kukisoma. Kama vimetolewa vinyama viwili sehemu tofauti, kimoja mlangoni na kingine ndani, viwe chupa mbili. Kwenye lebo liandikwe jina, umri, mahali kilipotolewa na tarehe, na kwenye fomu itajwe hedhi ya mwisho na, kama ipo, historia ya kichocho. Lebo ibandikwe kwenye chupa, isibandikwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Majibu huchukua muda, kwa sababu sampuli nyingine husafirishwa hadi hospitali kubwa. Chukua namba ya kumbukumbu ya sampuli na namba ya simu ya kufuatilia kabla hujaondoka. Jibu likija mara nyingi litakuwa moja kati ya matatu: kinyama cha kawaida, kinyama chenye chembe zilizoanza kubadilika, ambacho kinahitaji kizazi kichunguzwe zaidi, au saratani. Mwombe daktari akutamkie waziwazi ni lipi. Usikubali kuambiwa “majibu ni mazuri” bila kupewa nakala.

Tuje kwenye hali nyingine. Mlango ni safi, siki haikuonyesha kitu, na ultrasaundi ya siku ya 7 inasema kuna kinyama cha sentimita 1.5 ndani ya kizazi. Hapa ndipo swali la kusafishwa linarudi, na jibu langu bado ni kwamba si chaguo la kwanza.

Kusafisha ni kukwangua kuta za kizazi bila kuona. Polipu ina shina, inacheza. Kifaa kinapopita, kinyama kinasogea pembeni kama kipande cha nyama kinachokwepa upawa ndani ya mchuzi, na upawa unatoka na vitu vingine. Zaidi ya nusu ya polipu hubaki ndani, nzima au nusu, baada ya kukwangua kwa namna hiyo. Kinachotoka ni utando, ambao maabara inausoma na kusema ni wa kawaida, na mgonjwa anaambiwa amepona. Mwezi wa pili au wa tatu damu inarudi. Mara nyingi husemwa hapo kwamba “vinyama vimeota tena”, kumbe havikuwahi kutoka.

Kwako kuna sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu: unataka mtoto. Kukwangua kwa nguvu, hasa zaidi ya mara moja, kunaweza kuchuna utando hadi kwenye msuli, kuta zikashikana kwa makovu, hedhi ikapungua au kukoma na mimba ikawa ngumu. Si jambo la kila mtu, lakini ni bei kubwa kulipa kwa kipimo kilichosomwa siku ya 22.

Njia iliyo bora ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, maji yakiingizwa taratibu ili kizazi kifunguke, daktari akiona kinyama kwenye skrini na kukikata kwenye mzizi wake. Kwa wengi hufanywa bila kulala hospitali. Siku inayofaa ni ileile, baada ya hedhi na kabla ya siku ya 12 hivi. Huduma hii haipo kila mahali, na hata palipo na kamera huenda mtumiaji wake hayupo wiki hiyo. Kutoka Masasi kwenda Mtwara kwa barabara ya Mnazi Mmoja unapita Ndanda na Nyangao, kote kuna hospitali; Mtwara kuna Ligula, ya rufaa ya mkoa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini; Lindi kuna Sokoine. Usipande basi kwanza. Piga simu uulize mambo manne: daktari bingwa wa wanawake yupo siku gani, kuna ultrasaundi ya ukeni, kuna kamera ya kuangalia ndani ya kizazi, na formalini ipo. Wasipokuwa na kamera, waulize wao wanaandika rufaa ya kwenda wapi. Dirisha lako ni la siku tano au sita kila mwezi, ukilikosa unasubiri mwezi mwingine.

Kama ultrasaundi ya siku ya 7 bado inasitasita, kuna hatua ya kati isiyo ghali ambayo wengi hawaijui. Mrija mwembamba, hata ule wa kulishia watoto wachanga, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, na mililita 5 hadi 10 za maji safi ya chumvi ya hospitali zinaingizwa polepole huku ultrasaundi ya ukeni ikitazama. Maji ni meusi kwenye skrini, polipu ni nyeupe, inaonekana ikielea na shina lake linaonekana limeshika ukuta upi. Haifanywi ukiwa na mimba wala ukiwa na maambukizi ya nyonga, yaani uchafu wenye harufu, homa au maumivu ya chini ya tumbo. Kinachoumiza ni kuingiza maji kwa haraka. Mwambie aende taratibu.

Itakuwaje kama kamera haipatikani na huwezi kusafiri? Hapo naweza kukubali kusafishwa, kwa masharti. Kinyama kiwe kimethibitishwa kwa kipimo cha siku sahihi, na daktari ajue kiko ukuta gani. Kazi ifanyike chini ya nusu kaputi au ganzi ya mlango. Kabla ya kukwangua, koleo ya kukamatia polipu iingizwe kwanza na kutafuta kinyama, kisha ukwanguaji uwe mwepesi, ikibidi ultrasaundi ya tumbo ikiwa juu inaongoza. Kilichotoka kilinganishwe na ukubwa uliopimwa: kama ultrasaundi ilisema sentimita 1.5 na chupani kuna vipande laini vya utando tu, kinyama bado kiko ndani, na hilo lisemwe siku hiyohiyo. Halafu ultrasaundi ya ukeni irudiwe baada ya hedhi inayofuata.

Kuna uwezekano pia kwamba kinyama kitakuwa kidogo, chini ya sentimita 1. Polipu za ukubwa huo kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi zinaweza kutoweka zenyewe ndani ya mwaka. Hutokea kwa takriban moja kati ya nne. Kwa asiye na dalili, kusubiri na kurudia kipimo ni uamuzi wa busara. Wewe una damu kwa miezi mitano na unatafuta mimba, kwa hiyo kwako ningeegemea kuitoa. Uwezekano wa polipu ya ndani kuwa na saratani kwa mwanamke wa umri wako ni mdogo, karibu mmoja au wawili kati ya mia. Kwa aliyekoma hedhi hesabu ni nyingine, na wasomaji wenye mama au bibi wa umri huo wasichanganye: tone lolote la damu baada ya mwaka mzima bila hedhi halisubiri dirisha la siku wala vidonge, linachunguzwa wiki hiyo, na utando unaozidi milimita 4 kwa mtu huyo mwenye damu unahitaji kupimwa tishu.

Jambo moja zaidi kuhusu kinyama cha mlango. Wanawake wengine wana vyote viwili, cha mlango na cha ndani. Kwa hiyo hata kama watakuta kimoja mlangoni na kukitoa, fanya ile ultrasaundi ya siku ya 7 pia, usiifute. Na kama hedhi mbili zitapita baada ya kukitoa na damu ya katikati bado ipo, tatizo liko ndani au ni kitu kingine kabisa, si kwamba mlango haujapona.

Pima pia wingi wa damu. Miezi mitano ya kuvuja kidogo kidogo huteremsha damu bila mtu kugundua. Chini ya gramu 12 utahitaji vidonge vya madini ya chuma, na ni vizuri uanze kabla ya kutolewa kinyama.

Baada ya kutolewa, iwe mlangoni au ndani, usiweke kitu ukeni kwa wiki moja hadi mbili: tendo la ndoa, tamponi, kujisafisha kwa ndani. Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ya miadi ukijaza pedi nzima ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, ukipata homa, ukitoa uchafu wenye harufu, au maumivu ya tumbo yakiongezeka badala ya kupungua. Hedhi ya kwanza inaweza kuja mapema au kuchelewa siku chache. Ukipata hedhi moja au mbili za kawaida na majibu ya maabara yakiwa safi, mnaweza kuanza kutafuta mimba. Endelea kuandika kwenye kalenda kila siku unapoona damu, na alama tofauti kwa hedhi na kwa matone, kwa sababu polipu za ndani zinaweza kuota tena, na kalenda hiyo ya miezi michache ndiyo daktari wa mara ijayo atakayoihitaji kabla ya mashine yoyote.